Tundu Likizidi Kufungwa, Picha Hupoteza Makali

Mpiga picha anafunga kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu mbele ya mlango wa kuchongwa, katika kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar. Anapiga picha mbili za mlango uleule: ya kwanza kwa f/8, ya pili kwa f/22. Amefundishwa kwamba tundu la lenzi likifungwa, vitu vya karibu na vya mbali hutoka vizuri pamoja, kwa hiyo anategemea picha ya pili ndiyo itakayokuwa bora. Anapozikuza kwenye kompyuta anakuta kinyume. Kwenye f/8, nyuzi za mbao na mikwaruzo midogo ya njumu za shaba inahesabika. Kwenye f/22 mikwaruzo imeyeyuka, na mbao zinaonekana kama zimepakwa mafuta.

Wengi wanaokutana na jambo hili hulaumu lenzi, au hudhani kamera ilitikisika. Lenzi ni nzima na kamera haikusogea. Kilichotokea kimetokana na tabia ya mwanga wenyewe, na hata lenzi ya bei kubwa kiasi gani haiwezi kukikwepa.

Mwanga husafiri kama mawimbi, na wimbi lolote linalopenya kwenye uwazi hutanuka likishatoka upande wa pili. Anayekaa pwani ameliona hili mahali ambapo mwamba wa matumbawe umeacha mlango: mawimbi ya bahari kuu huja yamenyooka, yakipita mlangoni hufunguka na kusambaa pande zote za maji ya ndani, na mlango ukiwa mwembamba husambaa zaidi. Wanafizikia huita tabia hii difraksheni. Mawimbi ya mwanga ni mafupi mno. Lile la kijani, ambalo macho yetu hulipokea vizuri kuliko mengine, lina urefu wa maikroni 0.55, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa sababu ya ufupi huo, kutanuka kwa mwanga hakuonekani katika shughuli za kila siku. Ndani ya kamera hali ni tofauti, kwa sababu huko vipimo vyote ni vya maikroni.

Chukua nukta moja ya mwanga, kama nyota. Lenzi isiyo na kasoro yoyote ingetegemewa kuikusanya nukta hiyo iwe nukta tena. Haifanyi hivyo. Kila sehemu ya tundu huchangia mawimbi yake, na katikati kabisa mawimbi hayo yote hufika kwa mwendo mmoja, yakaungana na kung'aa. Kando kidogo ya katikati, mawimbi yaliyotoka ukingo mmoja wa tundu huwa yamesafiri njia ndefu kidogo kuliko yale ya ukingo wa pili. Mengine hupanda wakati wenzake wanashuka, na yanaanza kufutana. Zipo pembe ambapo yanafutana kabisa, na hapo pana giza. Ukisogea mbele zaidi yanaungana tena kwa sehemu, mwanga hafifu unarudi, kisha giza jingine. Matokeo yake ni kisahani cha mwanga kilichozungukwa na pete zinazozidi kufifia.

Wanajimu walikuwa wamekiona kisahani hicho kabla ya mtu kukikokotoa. Mwaka 1828, Mwingereza John Herschel alieleza jinsi nyota angavu inavyoonekana katika darubini nzuri yenye ukuzaji mkubwa: si nukta, bali duara dogo lenye pete. Mwaka 1835, mwenzake George Biddell Airy alichapisha hesabu kamili ya mwanga unaopita kwenye tundu la duara, na tangu hapo duara lile la katikati likaitwa kisahani cha Airy. Hesabu inasema asilimia 84 hivi ya mwanga wote huangukia ndani ya kisahani, na uliobaki hugawanyika kwenye pete. Pete ya kwanza, hata mahali inapong'aa zaidi, haifiki asilimia 2 ya mng'ao wa katikati. Ndiyo maana katika picha za kawaida pete hazionekani, na kinachobaki kuwa tatizo ni ukubwa wa kisahani chenyewe.

Ukubwa huo hupimwa kutoka katikati hadi pete ya kwanza ya giza, na kanuni yake ni fupi:

r = 1.22 × λ × N

Hapa r ni nusu kipenyo cha kisahani kikiwa juu ya kihisi cha kamera, λ ni urefu wa wimbi la mwanga, na N ni ile namba ya f inayosomwa kwenye kioo cha kamera. Ile 1.22 inatokana na umbo la tundu. Kama mwanga ungepita kwenye ufa wenye upana uleule juu hadi chini, namba ingekuwa 1 kamili. Duara ni pana katikati lakini hujikunja kuelekea juu na chini, kwa hiyo kwa wastani ni jembamba kuliko kipenyo chake, na giza la kwanza husogea mbali kidogo zaidi.

Kinachowashangaza wapiga picha katika kanuni hii ni kwamba urefu wa lenzi haumo. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/16 ina tundu la milimita 3.1, na ya milimita 200 kwenye f/16 ina tundu la milimita 12.5. Hili la pili ni pana mara nne, kwa hiyo mwanga wake hutanuka kwa pembe ndogo mara nne. Lakini mwanga huo unasafiri umbali mara nne kabla ya kufika kwenye kihisi, na mwishoni visahani vinalingana: lenzi zote mbili zinachora kisahani chenye kipenyo cha maikroni 21.5. Inatosha kuijua namba ya f.

Kwa mwanga wa kijani, kipenyo cha kisahani katika maikroni ni namba ya f mara 1.34. Kwenye f/4 kinakaribia maikroni 5, kwenye f/8 karibu 11, na kwenye f/22 karibu 30. Sasa vipimo hivyo vilinganishwe na kihisi. Kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ikiwa na megapikseli 24 huwa na pikseli 6,000 kwa upana, kila moja ya maikroni 6. Kwenye f/8, kisahani hakifiki upana wa pikseli mbili. Kwenye f/22 kinakaribia pikseli tano, na kila nukta ya ule mlango wa Zanzibar imetandazwa juu ya pikseli jirani kwa kiasi hicho.

Hasara hii haiji ghafla kama mlango unaofungwa. Njia nzuri ya kuiona ni kufikiria mistari myeusi na myeupe inayopishana, iliyo myembamba kiasi kwamba kila mstari unajaza pikseli moja tu. Huo ndio mchoro mdogo kuliko yote ambao kamera yetu ya megapikseli 24 inaweza kuuandika. Lenzi kamilifu kwenye f/8 inaufikisha mchoro huo kwenye kihisi ukiwa na asilimia 54 ya utofauti wake wa weusi na weupe. Kwenye f/16 zinabaki asilimia 16. Kwenye f/22 hakibaki kitu: mistari yote imekuwa kijivu kimoja. Katika hali hiyo kihisi cha megapikseli 24 kinajaza faili zilezile kubwa, kinakula nafasi ileile kwenye kadi, lakini mchoro wake mdogo kabisa haumo.

Hapa msomaji anayeijua historia ya upigaji picha ana swali la haki. Mwaka 1932, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao wa San Francisco walianzisha kundi waliloliita Group f/64, na Novemba mwaka huo wakaonyesha kazi zao katika Makumbusho ya M. H. de Young. Jina lilitokana na tundu dogo sana, na walilichagua kwa sababu walitaka picha kali, zenye kila jani na kila jiwe. Ikiwa f/22 inaharibu, f/64 iliwezaje kuwa bendera ya ukali?

Kwa kanuni yetu, kisahani cha f/64 kina kipenyo cha maikroni 86. Kwenye kihisi cha fremu kamili hilo ni janga, zaidi ya pikseli kumi na nne. Lakini kamera kubwa za wakati ule zilitumia negativu ya inchi 8 kwa 10, yaani upande mrefu wa milimita 254. Weston alizoea kuichapa negativu hiyo kwa kuilaza moja kwa moja juu ya karatasi, bila kukuza hata kidogo. Kisahani kwenye karatasi kilibaki maikroni 86, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho la kawaida linaposoma kitu kilicho mkononi haliwezi kutenganisha vitu vidogo zaidi ya hapo. Picha ilikuwa kali kwa sababu ukungu wake ulikuwa mdogo kuliko uwezo wa jicho. Picha ya kihisi cha milimita 36 ikitaka kufikia ukubwa uleule wa karatasi lazima ikuzwe mara saba, na kisahani kinakuzwa nayo.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni idadi ya visahani vinavyoweza kupangwa kando kwa kando katika upana wa picha. Negativu ya inchi 8 kwa 10 kwenye f/64 inachukua karibu visahani 2,950. Fremu kamili kwenye f/8 inachukua karibu 3,350, na kwenye f/22 ni 1,220 tu. Simu yenye kihisi cha upana wa milimita 7.5 na lenzi ya f/1.8, ambayo kisahani chake ni cha maikroni 2.4, inachukua karibu 3,100. Vifaa vitatu vilivyoachana kwa karibu miaka mia moja na kwa ukubwa wa ajabu vinasimama karibu mstari mmoja. Ni hesabu nzuri sana, na inaeleza kwa nini simu nyingi zina tundu moja lisilofungwa. Ukiipa simu hiyo f/8, upana mzima wa picha yake ungebaki na visahani 700. Inaeleza pia kwa nini megapikseli nyingi za simu si ahadi ya kuaminiwa bila kuuliza. Kama pikseli ni za maikroni 0.7 na kisahani ni cha 2.4, pikseli zaidi ya tatu zinapangana ndani ya kisahani kimoja, na zinaandika karibu habari ileile.

Mtu anaweza kujihakikishia yote haya kwa kamera yake. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi ikiwa imekabili ukurasa sawasawa, zima mfumo wa kutuliza mtikisiko, weka ISO 100, na utumie saa ya kuchelewesha ili kidole kisiiguse kamera wakati wa kupiga. Lenga fokasi mara moja kisha izuie isibadilike. Piga kwa f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16 na f/22, halafu tazama herufi ndogo kwenye kompyuta kwa ukubwa wa pikseli kwa pikseli. Kwa lenzi nyingi, f/4 huwa na udhaifu wake pembeni, kwa sababu tundu likiwa wazi kasoro za vioo ndizo zinazotawala. Ukali hupanda hadi f/5.6 au f/8, kisha unaanza kushuka. Kushuka huko ni difraksheni.

Inatambulikaje isichanganywe na makosa mengine? Picha iliyotikisika ina mwelekeo: kila nukta imekuwa mstari mfupi, na yote inaegemea upande mmoja. Picha iliyokosa fokasi mara nyingi ina mahali pengine palipo pakali, mbele au nyuma ya kitu kilicholengwa. Difraksheni haina mwelekeo wala haibagui. Hulainisha katikati na pembeni kwa kiasi kilekile, na ukifungua tundu hatua mbili bila kugusa kitu kingine, makali yanarudi.

Usiku kuna ushahidi mwingine wa wazi zaidi. Ukipiga taa za barabarani kwa f/16, kila taa huota miale kama nyota. Miale hiyo pia ni difraksheni. Tundu la lenzi halifungwi na duara kamili bali na vijibamba vya chuma, na kingo zake zilizonyooka husukuma mwanga kwenda pande maalumu. Vijibamba vikiwa vinane, miale huwa minane. Vikiwa saba, miale huwa kumi na minne, kwa kuwa kila ukingo hutoa miale miwili inayokabiliana, na idadi inapokuwa shufwa miale ya kingo mbili hulaliana.

Wanaopiga wadudu, maua na vito kwa karibu ndio wanaoumia zaidi, na mara nyingi bila kujua. Kanuni tuliyoitumia ni ya vitu vilivyo mbali. Lenzi inapochora mdudu kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, lenzi ya kawaida huwa imesogea mbali na kihisi mara mbili ya kawaida, na namba ya f inayofanya kazi huongezeka mara mbili hivi. Kioo cha kamera kinaweza kuonyesha f/16 huku kisahani kikiwa cha f/32, yaani maikroni 43. Hapo njia iliyozoeleka ni kupiga picha nyingi kwa f/5.6 au f/8 ikisogezwa fokasi kidogo kidogo, kisha programu ya kompyuta ikaunganisha sehemu kali za kila picha.

Programu pia zinaweza kurudisha sehemu ya makali yaliyopotea, na baadhi ya kamera hufanya hivyo zenyewe zikijua namba ya f iliyotumika. Lakini zinakuza kile kilichofika tu. Zile asilimia 16 za f/16 zinaweza kupandishwa, na chengachenga za picha zikapanda pamoja nazo. Asilimia sifuri ya f/22 haina cha kupandisha.

Haya yote hayamaanishi kwamba f/16 na f/22 zifutwe. Kukosa fokasi kunaweza kutia ukungu mkubwa kuliko difraksheni, na kazi ya mpiga picha ni kuzipima hasara hizo mbili. Tuseme anapiga ngalawa iliyopandishwa mchangani, ncha yake ikiwa mita 2 kutoka kwenye kamera, na nyuma yake bahari hadi upeo wa macho. Ana fremu kamili na lenzi ya milimita 24. Kwenye f/11 kisahani ni cha maikroni 15, kwa hiyo hakuna faida ya kudai fokasi ilete ukungu ulio chini sana ya huo. Hesabu ya fokasi kwa ukungu wa maikroni 15 inampa umbali wa mita 3.5: akilenga hapo, kila kitu kuanzia mita 1.75 hadi upeo kimo ndani ya kipimo, ngalawa ikiwemo. Hana haja ya kufunga zaidi. Lakini akitaka kuinama mpaka ncha ya ngalawa iwe nusu mita kutoka kwenye lenzi, f/11 haitoshi. Atalazimika kufunga hadi f/22 akubali kisahani cha maikroni 30 katika picha nzima, au abaki kwenye f/8 na apige picha kadhaa, akianza na fokasi ya kwenye ncha na kumaliza na ya kwenye upeo, ili aziunganishe baadaye. Bahari ikiwa imetulia, njia ya pili itampa picha bora. Mawimbi yakiwa yanapiga mchangani, picha hizo hazitalingana, na f/22 ndiyo itakayomfaa.